Kaya 100 kati ya 400 hazina jibu la kipato: nizifute au nizijaze?

#1 Binti_Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Nipo sura ya nne ya tasnifu, nimekwama. Nimehoji kaya 400 katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Nataka kujua mambo mawili: wastani wa kipato cha kaya kwa mwezi, na kama kipato kina uhusiano na kaya kujiunga na bima ya afya. Swali la bima wote wamejibu. Swali la kipato kaya 100 hazina jibu.

Msimamizi wangu anasema nifute hizo 100 nibaki na 300. Mwenzangu wa darasani anasema kufuta ni dhambi, nijaze. Nani yuko sahihi?

#2 Fundi_Kompyuta_Geita
Pole dada. Acha kuandika chochote kwenye hiyo flashi kuanzia sasa. Tumia programu ya kurejesha mafaili, uwezekano wa kuzipata ni mkubwa kama hujaandika juu yake.

#3 Binti_Nyakato
#2 asante kaka, ila faili lipo salama. Watu ndio hawakujibu.

#4 Mzee_wa_SPSS
Jambo dogo hili. Transform, kisha Replace Missing Values, chagua Series mean. Nafasi zote 100 zinajazwa wastani wa wale 300 na unabaki na kaya 400 zako kamili. Nimesaidia wanafunzi wengi kwa njia hiyo na wamemaliza.

#5 Kigezo
Mzee wangu #4, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Ukijaza kila pengo kwa wastani, wastani wenyewe haubadiliki. Kama wale 300 walikuwa wanakupotosha, utaendelea kupotoshwa vilevile. Kinachobadilika ni mtawanyiko. Umeweka kaya 100 zote zenye kipato kimoja, hakuna tajiri wala maskini kati yao, kwa hiyo data inaonekana imetulia kuliko ilivyo.

Piga hesabu. Mkengeuko wa kawaida unashuka hadi takribani asilimia 87 ya ule wa mwanzo, na ili kupata kosa sanifu unaugawa kwa mzizi wa 400 badala ya wa 300. Ukiviunganisha, kosa sanifu linabaki kama robo tatu ya lile la kweli. Yaani kompyuta itakuambia una uhakika zaidi, na hakuna hata kaya moja iliyokupa taarifa mpya. Juu ya hapo, uhusiano wa kipato na bima unafifia, kwa sababu umepachika kipato kilekile kwa wenye bima na wasio nayo.

#6 Chuma_cha_Moshi
Kanuni tunayoijua: pengo likiwa chini ya asilimia 5 futa, likizidi hapo jaza. Wewe una asilimia 25. Jaza. Uzi ufungwe.

#7 Kigezo
#6 asilimia peke yake haisemi kitu. Asilimia 4 ikiwa yote ni matajiri wakubwa wa wilaya, wastani wako umeharibika. Asilimia 25 ikiwa imetokana na madodoso yaliyolowa mvua bila kuchagua mtu, ukifuta unapoteza ukubwa wa sampuli tu, matokeo hayaelemei popote. Swali la kwanza ni nani hawakujibu. Dada #1, tupe mgawanyo kwa kazi ya mkuu wa kaya.

```r
table(d$kazi, is.na(d$kipato))
```

#8 Binti_Nyakato
Nimeendesha. Wakulima ni 200, waliojibu 170. Waajiriwa 100, waliojibu 90. Wafanyabiashara 100, waliojibu 40 tu.

Wastani wa waliojibu: wakulima 150,000, waajiriwa 500,000, wafanyabiashara 700,000.

#9 Kigezo
Sasa tunazungumza. Ukifuta, unabaki na kaya 300 na wastani wako ni kama 328,300. Lakini tazama kilichotokea: wilayani kwako wafanyabiashara ni robo ya sampuli, na kwenye data iliyobaki ni chini ya moja ya saba. Umewapunguza wenye fedha bila kukusudia. Ukimpa kila asiyejibu wastani wa kundi lake la kazi, wastani wa wote unakuwa 375,000. Tofauti ya karibu shilingi 47,000 kwa kaya kwa mwezi, na hakuna aliyedanganya.

Hiyo ndiyo hasara ya kufuta hapa. Na #4 naye angepata 328,300 ileile, ila akiwa na uhakika wa bandia.

#10 Mzee_wa_SPSS
Marahaba. Hapo nimekuelewa kijana. Basi nitasema tuweke wastani wa kundi badala ya wastani wa wote. Tatizo limekwisha?

#11 Kigezo
Limepungua, mzee. Kwa wastani wa wote tumesogea. Lakini ndani ya kundi bado wafanyabiashara 60 wana kipato kimoja, kwa hiyo ile shida ya mtawanyiko ipo palepale. Ndiyo maana watu hujaza mara nyingi: unatengeneza mafaili, tuseme 25, na katika kila faili pengo linapewa thamani ya kaya halisi inayofanana na hiyo kaya, kwa bahati nasibu. Unafanya uchambuzi kwenye kila faili, kisha unaunganisha. Mafaili yanapotofautiana majibu, tofauti hiyo inaongezwa kwenye kosa sanifu. Rubin aliliweka jambo hili kwenye kanuni miaka ya 1970 na 1980, na kwenye R kifurushi ni `mice`.

```r
imp <- mice(d, m = 25, seed = 41)
fit <- with(imp, glm(bima ~ lkip + kazi,
                     family = binomial))
summary(pool(fit))
```

Hapo `lkip` ni logi ya kipato. Toa namba ya kaya kwenye `d` kabla ya kuendesha, la sivyo itaichukulia kama taarifa. Na usiache m ikawa 5 inayokuja yenyewe, kwa pengo la robo ya data hiyo ni ndogo.

#12 Chuma_cha_Moshi
Ila angalizo: unapojaza kipato usiiingize bima kwenye kujaza. Unakwenda kupima kama kipato kinahusiana na bima, halafu unatumia bima kutabiri kipato? Huo ni wizi wa mtihani.

#13 Mwanatakwimu_Msasani
#12 wengi wanafikiri hivyo na hoja yako inaonekana ya haki, lakini matokeo yake ni kinyume. Ukiiacha bima nje, vipato utakavyojaza havijui lolote kuhusu bima. Kwenye kaya hizo 100 umetengeneza uhusiano wa sifuri, na ukizichanganya na 300 uhusiano wa jumla unapungua. Utaandika kwamba kipato hakina nguvu sana kwenye bima, kumbe umekififisha mwenyewe. Kwa sababu unajaza kwa kubahatisha ndani ya mtawanyiko, kuingiza bima hakuzidishi uhusiano, kunaulinda. Kigeu chochote kitakachokuwa kwenye modeli ya mwisho kiwepo kwenye kujaza.

Nina neno lingine, na hili litamkera Kigezo. Kwa swali la pili la dada, huenda msimamizi wake yuko sahihi.

#14 Kigezo
Sikasiriki mkuu. Endelea.

#15 Mwanatakwimu_Msasani
Dada ana maswali mawili, na humu mnamjibu kama ana moja.

Wastani wa kipato: kufuta kunaharibu, tumeona. Uhusiano wa kipato na bima ni kitu kingine. Tuseme mfanyabiashara anaficha kipato kwa sababu ni kikubwa, basi, na kuficha huko hakutegemei kama ana bima au hana. Ukifuta kaya zilizokosa kipato, umebaki na wenye kipato kikubwa wachache. Lakini kati ya hao wachache, uwiano wa wenye bima kwa kila ngazi ya kipato ni uleule wa wilaya nzima. Rigresheni inauliza hicho tu: kwa kipato hiki, nafasi ya kuwa na bima ni ngapi? Haijali una watu wangapi kwenye kila ngazi, ila makosa sanifu yatakuwa mapana.

Sasa `mice` inavyoendeshwa kawaida inadhani asiyejibu anafanana na aliyejibu mwenye kazi, elimu na bima kama yake. Kama kweli wanaficha kwa sababu ni matajiri kuliko wenzao wa kazi hiyohiyo, utawajazia vipato vidogo kuliko walivyo navyo, na hapo kujaza ndiko kutakakoharibu rigresheni wakati kufuta kungekuwa salama. Ni kinyume cha vile watu wanavyofundishana mitandaoni.

#16 Chuma_cha_Moshi
Sasa mnatuchanganya. Kuna kipimo cha Little. Unakiendesha, kinakuambia kama mapengo ni ya bahati nasibu au la. Kwa nini tubishane?

#17 Kigezo
Kipimo hicho kinaweza kukuonyesha kwamba mapengo hayakusambaa ovyo tu, na hilo jedwali la #8 limeshatuonyesha bila kipimo. Kisichoweza kukuambia ni kama mfanyabiashara aliyenyamaza ni tajiri kuliko mfanyabiashara aliyejibu. Ili kujua hilo unahitaji kipato cha aliyenyamaza, na ndicho usichokuwa nacho. Hakuna kipimo duniani kitakachokutolea hilo kwenye data hii peke yake.

#15, nakubali hoja yako ya rigresheni, kwa sharti moja: kunyamaza kusitegemee bima. Mimi sina uhakika na hilo. Mwenye bima huenda ameshazoea fomu na maswali ya watu wa afya, anajibu bila hofu. Hapo kufuta nako kunaelemea.

#18 Mwanatakwimu_Msasani
Sharti ni hilohilo. Anaweza kuchungulia: ndani ya kila kazi, je, wenye bima na wasio na bima wamejibu swali la kipato kwa kiwango kinachokaribiana? Si ushahidi kamili, lakini wakitofautiana sana ndani ya kundi moja, hoja yangu inadhoofika.

#19 Karani_Mstaafu
Nawasoma tangu mchana. Nimefanya kazi ya udadisi miaka mingi, tangu madodoso ya karatasi hadi vishikwambi. Ninyi mnajadili kana kwamba pengo ni pengo. Binti, hizo kaya 100 zimeandikwaje? Kukataa, kutojua na kuachwa wazi ni mambo matatu tofauti kabisa.

Mkulima anayesema sijui kweli hajui. Mpunga kauza msimu uliopita, mwezi uliopita hakuingiza senti, na mkewe ana fedha za mboga ambazo yeye hazijui. Mwenye duka anayekataa anajua hadi thumni, anadhani umetumwa na watu wa kodi. Na dodoso lililoachwa wazi mara nyingi halisemi chochote kuhusu mhojiwa. Linasema habari za mdadisi.

Kagua pia kama kuna 98 au 99 zimejificha kwenye safu ya kipato. Nimewahi kuona ripoti ambayo kaya kadhaa zilikuwa na kipato cha shilingi 99 kwa mwezi, na hakuna aliyeshtuka.

#20 Mnoko_wa_Mabibo
Mzee Karani kaingia, vijana wa R kaeni chini kidogo 😂

#21 Binti_Nyakato
Mzee shikamoo. Nimerudi kwenye faili ghafi. 99 sikuzikuta, msaidizi wangu alishazibadili kuwa tupu zote, ndiyo maana sikuona tofauti. Nimezirudisha, iko hivi:

Waliokataa 38, wasiojua 21, zilizoachwa wazi 41.

Wasiojua, 17 kati yao ni wakulima. Waliokataa, 25 ni wafanyabiashara. Na zilizoachwa wazi, 33 ni wafanyabiashara, na zote 33 ni za mdadisi mmoja, namba 6. Ndiye aliyepangiwa eneo la soko.

#22 Karani_Mstaafu
Marahaba. Umeona sasa. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyekuficha si 60. Ni 25, na wawili hawajui. Hao wengine 33 hawakuulizwa. Kwenye karatasi mdadisi anaruka swali refu, na kwenye kishikwambi analiruka kama aliyetengeneza dodoso hakuweka sharti la kulazimisha jibu.

#23 Kigezo
Hili linabadilisha hesabu. Tuzipige upya kwa wastani wa kipato.

Tukidhani wote 60 wanafanana na wafanyabiashara waliojibu, ni 375,000 kama nilivyosema. Tukidhani wote 60 wanaficha na wastani wao halisi ni milioni moja, wastani wa wafanyabiashara unapanda hadi 880,000 na wa wilaya unafika 420,000. Lakini tukiwapandisha wale 25 waliokataa tu, na wale 33 wa mdadisi namba 6 na wawili wasiojua tukawaacha wafanane na wenzao, wafanyabiashara wanakuwa 775,000 na wilaya kama 393,800.

Hiyo milioni moja nimeikisia, na ndivyo inavyopaswa kuandikwa kwenye tasnifu: tumejaza, kisha tumejaribu dhana kadhaa, haya ndiyo matokeo kwa kila dhana. Msomaji aone kwamba jibu linatembea kati ya 375,000 na 394,000 kwa dhana zinazoaminika, na kwamba 328,000 ya kufuta iko nje kabisa ya hapo.

#24 Mama_Ntilie_Sokoni
Samahani naingilia, mimi si mtu wa takwimu. Nina kibanda sokoni. Watu wa madodoso wakija asubuhi au jioni ninapohudumia wateja, siwajibu maswali marefu. Wakija saa tisa nimekaa, nawajibu yote. Wenzangu wasio na wateja wanaongea nao kutwa.

#25 Mwanatakwimu_Msasani
#24 mama, umesema jambo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa humu. Kigezo, umeona? Tumeshawatoa wale 33 kwenye kundi la wanaoficha kwa kudhani mdadisi aliruka ovyo. Kama aliruka pale palipokuwa na wateja wengi, basi waliorukwa ndio wenye mauzo makubwa. Kosa ni la mdadisi, lakini bado limefuata kipato.

#26 Kigezo
Nimeona. Kwa hiyo 420,000 hairuhusiwi kuondoka mezani. Ingawa anaweza kuangalia kitu kimoja: kishikwambi kinahifadhi muda wa kuanza na kumaliza kila dodoso. Kama yale 33 ni mafupi yote sawasawa na yamepigwa mfululizo siku moja, mdadisi alikuwa anakimbiza idadi. Kama ni ya saa za wateja na mengine ya saa hizohizo yamejibiwa nusu, hoja ya mama inapata nguvu.

#27 Daktari_wa_Kisumu
Nawasalimu kutoka ng'ambo ya ziwa. Kwetu afya tumepitia haya kwenye upimaji wa Virusi vya Ukimwi wa nyumba kwa nyumba. Baadhi ya watu hukataa kutoa damu, na utafiti wa Malawi ulionyesha kwamba waliokwisha kujua wana maambukizi walikuwa wepesi zaidi kukataa. Ukiwafuta, kiwango cha maambukizi kinashuka. Ukiwajaza kwa umri, elimu na makazi, hakisogei sana, kwa sababu sababu ya kukataa haimo kwenye umri wala elimu.

Wakina Bärnighausen walichukua data ya Zambia ya 2007 wakatumia utambulisho wa mdadisi wenyewe. Wapo wadadisi wanaokubaliwa na wengi na wapo wanaokataliwa na wengi, na mdadisi hana uhusiano na maambukizi ya mhojiwa. Kwa wanaume makadirio yakatoka karibu asilimia 12 hadi karibu 21. Si kila nchi ilionyesha pengo kubwa hivyo, na njia yenyewe inategemea sana dhana zake. Lakini namba ya mdadisi ni hazina, asiitupe.

#28 Chuma_cha_Moshi
Basi atumie njia hiyo ya Zambia. Mdadisi namba 6 si ndiye huyo?

#29 Mwanatakwimu_Msasani
Hapana #28. Njia ile inataka mdadisi awe amepangiwa kaya bila kufuata sifa zake. Namba 6 alipewa soko. Mdadisi na kipato hapa vimefungwa pamoja, huwezi kuvitenganisha. Ingefaa kama wadadisi wangechanganywa kila kata.

#30 Karani_Mstaafu
Binti, una namba za simu za kaya?

#31 Binti_Nyakato
Ninazo mzee, na kwenye fomu ya ridhaa kuna kipengele kwamba tunaweza kuwarudia.

#32 Karani_Mstaafu
Basi chagua kwa kura kaya 12 kati ya zile 33, mpeleke mdadisi mwingine saa tisa alasiri. Usiulize kipato kwa namba moja. Uliza mauzo ya siku nzuri, ya siku mbaya, gharama za bidhaa, kisha ukokotoe. Hao 12 watakuambia zaidi ya mafaili 25 ya Kigezo.

#33 Kigezo
Nakubali warudiwe, ila mzee, ukibadilisha namna ya kuuliza kwa 12 tu, utakuwa unalinganisha vipimo viwili. Akitoa kipato kikubwa hatujui kama ni kwa sababu alirukwa au kwa sababu umemwuliza vizuri zaidi. Angeuliza kwanza swali lilelile la dodoso, kisha hayo ya mauzo.

#34 Karani_Mstaafu
Ukiuliza lilelile kwanza atakupa jibu la kukuondoa mlangoni, na hayo ya mauzo atayapunguza yalingane nalo. Nimeyaona hayo sana.

#35 Mwanatakwimu_Msasani
Agawe 12 kwa kura: sita waanze na hili, sita na lile. Ni wachache, hawatathibitisha kitu, ila wataonyesha kama mpangilio wa maswali unabadilisha majibu.

#36 Binti_Nyakato
Asanteni. Nitarudia sokoni wiki ijayo. Kwa wastani nitajaza na kuonyesha dhana zote tatu za #23. Kwa rigresheni nitaweka zote mbili, ya kufuta na ya kujaza. Nimeangalia lile la #18: wakulima na waajiriwa hawatofautiani, ila wafanyabiashara wenye bima wamejibu zaidi ya wasio nayo.

#37 Kigezo
Nilisema.

#38 Mwanatakwimu_Msasani
Subiri. Ondoa kwanza zile 33 za namba 6 ndipo ulinganishe tena. Sokoni wenye bima huenda ni wachache tangu mwanzo.